Meseji za wateja si takataka

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa shule na sikuwahi kuwaandikia. Ila ile ripoti yenu ya kurasa za biashara, kuhusu makampuni yanayohamishia huduma kwa wateja kwenye mashine za kuchati, imenitoa kimya. Mlimnukuu ofisa mmoja akisema tatizo kubwa ni wateja wanaotuma "takataka", na kwamba dawa yake ni wateja waelimishwe namna ya kuandika. Mwandishi wenu hakumuuliza swali hata moja. Kazi yangu ni kutengeneza na kupima mifumo ya aina hiyo, na naomba nafasi niseme kwamba alichowaambia wasomaji si kweli.

Shangazi yangu anaishi Mkuranga. Ana taa za sola za mkopo, zile ambazo malipo yasipoonekana kwenye mfumo zinajifunga zenyewe. Alilipa kwa wakala mchana, usiku taa zikagoma. Kesho yake simu ya kampuni haikupokelewa, akaelekezwa kwenye chati. Kwanza akatuma namba ya muamala kama ilivyokuja kwenye simu yake: 8K4RT71XBD. Akajibiwa: "INGIZO BATILI. Andika ujumbe wenye maana." Akaandika: "nmlp jana tsa haziwaki". Akajibiwa: "INGIZO BATILI. Umebakiwa na jaribio 1." Akatuma alama mbili za kuuliza. Hapo akaambiwa amerudia kutuma ujumbe usioeleweka na huduma imesitishwa kwake kwa saa 24. Mama wa watu kalipa, yuko gizani, na bado kaambiwa ana makosa. Nilipofika kwake alinionyesha simu kwa kusitasita, anaamini kaharibu kitu. Ndipo hasira yangu ilipoanza, Mhariri, maana katika zile meseji tatu hakuna hata moja isiyo na maana.

Tuzichukue moja moja. Ile ya kwanza ndiyo meseji bora kuliko zote ambazo mteja anaweza kutuma, kwa sababu inatosha kabisa kuyatafuta malipo yake. Lakini mfumo uliojengwa kuuliza kwanza "je, haya ni maneno?" unaiona ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu, unaitupa. Mfumo uliopangwa vizuri hutanguliza maumbo yanayojulikana: namba ya muamala, namba ya simu, namba ya mkataba, tokeni ya umeme yenye tarakimu 20. Hizo zikishapita ndipo unaanza kujiuliza kama kilichobaki kina maana. Kugeuza mpangilio huo ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi anayejua anachofanya, na jibu lingekuwa: "Nimepokea namba ya muamala 8K4RT71XBD. Naangalia kama malipo yamefika."

Meseji ya pili inaonyesha ugonjwa wenyewe. Mifumo mingine hupima maana kwa kulinganisha kila neno na orodha ya maneno: yakitambulika chini ya nusu, ujumbe ni takataka. "Nmlp" haimo kwenye orodha. "Jana" imo. "Tsa" haimo. Na "haziwaki"? Haimo pia! Kamusi ina "waka", haina "haziwaki", wala "hazikuwaka", wala "zisipowaka", kwa sababu kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na ukanushi ndani ya neno moja, na hakuna orodha itakayomaliza maumbo hayo. Kwa hiyo neno moja kati ya manne limetambulika, na Kiswahili fasaha kinahesabiwa kuwa kelele na mashine iliyoletwa kuhudumia Waswahili. Tena zile "nmlp" na wenzake "cjapata", "kbs" na "bhn" tumeandika tangu enzi meseji ya simu ilipokuwa na herufi 160 na kila moja inakatwa hela. Hakuna mtu aliyekaa kwenye daladala nchi hii asiyezisoma. Kipimo kinachofaa ni kingine: unachukua meseji za zamani za wateja wako wenyewe, unaziondolea majina na namba, unahesabu herufi tatutatu zinavyofuatana. "Haziwaki" inatoa haz, azi, ziw, iwa, wak, aki, na zote zimejaa katika Kiswahili. "Nmlp" itaonekana mara nyingi kwa sababu wateja ndivyo wanavyoandika. Mtoto akichezea simu akatuma "kjhgfd", unapata kjh, jhg, hgf, gfd, ambazo hazijitokezi popote, na ukitazama kibodi unaona ni vitufe vinavyofuatana katika mstari mmoja. Hicho ndicho kidole kilichoteleza. Hata "tsa" inaeleweka kwa njia hiyohiyo: s na a ni majirani kwenye kibodi, na kampuni ya sola ikishindwa kufika kwenye "taa" itafika wapi?

Meseji ya tatu, zile alama mbili za kuuliza, ni mtu anayesema "mpo?". Ujumbe wenye herufi moja au mbili haupimiki kwa hesabu yoyote, na anayeupima anajidanganya. Unaachwa usome yaliyotangulia.

Kipimo cha herufi tatutatu nacho kina mipaka yake, siwezi kuficha. Kitababaishwa na majina ya vijiji, na Kisukuma au Kimakonde kikichanganywa na Kiswahili, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa fani hii. Wao wanatafuta mstari mmoja, huku maana, huku takataka. Mstari huo haupo. Kuna ujumbe ulioeleweka, kuna ambao hakika ni kidole kilichoteleza, na katikati kuna eneo pana la shaka ambalo adabu pekee ni kuuliza. Gharama za makosa mawili hazilingani hata kidogo. Ukimuuliza mtoto aliyechezea simu "nikusaidie nini?", hujapoteza chochote. Ukimwambia mtu aliyelipa kwamba ujumbe wake hauna maana, umempoteza mteja na umemdhalilisha mtu mzima.

Na ile hesabu ya majaribio ilitoka wapi? Nitawaambia, kwa kuwa nimeiona ikizaliwa ofisini. Kuhesabu majaribio na kufunga ni kanuni ya namba ya siri. Ina sababu nzuri huko: anayekisia namba ya siri ya mtu anaweza kuwa mwizi, ukimwachia akisie bila kikomo ataipata. Fundi anapewa kazi ya chati, anachukua kipande cha programu alichokwisha kukiandika kwa ajili ya namba ya siri, anakibandika na maneno yake yote, kuanzia "ingizo batili" hadi "umebakiwa na". Hakuna aliyeamua kwamba mteja wa taa ni mwizi. Hakuna aliyeamua chochote! Meneja hakuyasoma yale maneno, mwanasheria hakuyasoma, na siku huduma ilipozinduliwa kwa keki na utepe hakuna aliyethubutu kutuma meseji iliyokosewa aone atajibiwaje. Halafu baadaye ofisa anasimama mbele ya mwandishi wa habari anawalaumu wateja kwa makosa ambayo yamo kwenye programu yake mwenyewe, na gazeti linayachapa bila kuuliza.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza programu yake ya mazungumzo iliyoitwa ELIZA. Ilipokutana na sentensi isiyokuwa na neno hata moja inalolijua, haikumkaripia mtu. Ilimwambia aendelee, au ilirudi kwenye jambo alilolitaja mwanzoni. Sisemi tuige yote, maana ELIZA ilijifanya imeelewa, na kwenye mambo ya pesa kujifanya umeelewa ni hatari kuliko kukaripia. Lakini hilo la kurudi kwenye yaliyosemwa mwanzoni lingemtosha shangazi: namba ya muamala alikuwa ameshaituma.

Jibu lenyewe liweje? Mfumo useme ni wenyewe haujaelewa, kisha uonyeshe mlango. "Nimeona ujumbe wako ila sijajua unahusu nini. Ni malipo hayajaonekana, taa haziwaki, au jambo lingine? Andika unavyoweza, au andika 0 uongee na mhudumu." Mara ya pili maneno yabadilike, maana sentensi ileile ikirudiwa mtu anajua anaongea na ukuta. Mara ya tatu apewe mtu, na mtu huyo aone mazungumzo yote, mteja asianze kusimulia upya. Na kabla ya kujibu chochote mfumo usubiri sekunde chache. Wengi wetu huandika kwa vipande: "Habari", kisha "nna", kisha "shida ya taa". Ukikurupuka kukijibu kipande cha pili peke yake, lazima utaona takataka.

Niongeze hapohapo menyu za nyota na reli, kwa kuwa ni ndugu wa tatizo hili. Mzee anaulizwa namba ya mita, anainuka kwenda kuisoma ukutani, akirudi menyu imejifunga na anaanza upya kubonyeza. Najua muda ule una kikomo upande wa mtandao wa simu, hauongezeki tu kwa kutaka. Basi mwambieni mwanzoni aweke namba ya mita karibu kabla hajaendelea! Sentensi moja. Nimeipendekeza kwenye vikao na nikaambiwa skrini haina nafasi, wakati mstari wa kwanza wa skrini hiyohiyo ni tangazo la promosheni.

Pendekezo langu ni hili. Kila Jumatatu asubuhi, kila kampuni yenye chati ichapishe kwenye karatasi meseji 50 ambazo mfumo wake ulizikataa wiki iliyopita, bila majina wala namba za simu, kwa herufi kubwa. Wakae mezani fundi programu, binti mmoja wa kitengo cha simu na meneja aliyeidhinisha yale maneno. Wazisome kwa sauti. Kila ambayo binti wa simu ameielewa iwekewe alama nyekundu, na fundi aandike pembeni kwa nini mashine haikuielewa. Alama nyekundu zikizidi tano, mfumo ulegezwe wiki hiyohiyo, na karatasi ya Jumatatu inayofuata iwekwe kando ya ile ya kwanza waone kama zimepungua. Na ninyi, Mhariri, mtumeni mwandishi wenu arudi kwa yule ofisa amwombe karatasi hiyo. Muichapishe, wasomaji wajionee wenyewe ni ngapi wasizoweza kuzisoma.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam