“Hii si sura yangu”: kwa nini picha ya studio haifanani na selfi

Karibu kila wiki mteja husimama kwenye kaunta, simu mkono mmoja, picha ya pasi mkono wa pili, akisema tumemnenepesha. Pua kwenye simu ni ndefu na uso ni mwembamba. Kwenye picha yetu uso umepanuka na masikio yametokeza. Wengine wanadhani tumeichezea kwenye kompyuta. Hatukuichezea. Kilichobadilika ni umbali.

Wengi hulaumu lenzi, na hapo ndipo makosa huanzia. Lenzi huamua kiasi gani cha mandhari kiingie kwenye picha. Umbo la uso huamuliwa na pale kamera iliposimama. Selfi hupigwa mkono umekunjwa, kama sentimita 30 kutoka ncha ya pua. Masikio yako nyuma ya ncha hiyo kwa takriban sentimita 12, kwa hiyo yako sentimita 42 kutoka kwenye kamera. Gawanya 42 kwa 30 upate 1.4: pua imekuzwa mara 1.4 kuliko masikio. Sasa rudi nyuma hadi mita moja na nusu. Pua iko sentimita 150, masikio 162, na tofauti inashuka hadi 1.08. Uso ni uleule, lakini kwenye selfi pua imezidi kwa karibu asilimia 30 ikilinganishwa na masikio. Ndiyo maana selfi huficha masikio nyuma ya mashavu, na uso ukaonekana mwembamba.

Ukitaka kuhakikisha, simama mita mbili kutoka kwa ndugu yako, mpige picha bila kuvuta, kisha mpige tena kwa 2x bila kusogea. Kata ile ya kwanza mpaka uso ulingane na wa pili. Umbo litakuwa moja, ila ile uliyoikata huenda ikawa na chengachenga zaidi. Studioni tunatumia lenzi ya milimita 85 kwa sababu kwa mita mbili inajaza fremu vizuri, na kwa umbali huo ndivyo watu wanavyokuona mnapozungumza.

Mwanga nao una lake. Hapa Mombasa, hasa Machi na Oktoba, jua la saa sita mchana huwa karibu utosini kabisa. Nyusi hutia kivuli machoni, pua hutia kivuli kwenye mdomo wa juu, mashavu yakaonekana yamebonyea. Mtu anaongezewa miaka. Flashi ya simu hufanya kinyume: inapiga moja kwa moja kutoka mbele, inafuta vivuli vyote, pua inalala, na jasho la pwani linang’aa kwenye paji la uso. Sisi tunaweka taa mbili zilizofunikwa kitambaa, moja kila upande, juu kidogo ya macho. Kuzipanga na kupima umbali huchukua muda kuliko kubonyeza kitufe, na bei yetu inalipia muda huo.

Basi kabla ya kusema sura si yako, linganisha kwa haki. Ziweke picha mbili kwenye skrini moja na uzikuze mpaka umbali kati ya mboni mbili za macho ulingane, tuseme sentimita tatu kwa kila picha. Kisha tazama masikio. Macho yakilingana na masikio yakatofautiana kwa upana, kamera zilikuwa umbali tofauti. Masikio yakiwa yameshuka chini ya macho kwenye picha moja, kidevu kiliinuliwa au kamera ilikuwa chini. Angalia pia kama selfi imegeuzwa kama kioo: alama iliyoko shavu la kulia isihamie kushoto. Ukishayaondoa hayo yote, tofauti inayobaki ndiyo ya kujadili.

Ukitaka kupiga nyumbani picha mbili za kulinganisha, kwa mfano kabla na baada ya kunyoa ndevu, tia alama ya chokaa sakafuni mita mbili kutoka kwenye kamera, weka kamera usawa wa macho, elekea dirisha lisilopigwa na jua, saa ileile, na uso usiwe na tabasamu.

Njia ya mkato inayowagharimu watu ni kututumia selfi kwa WhatsApp tuifanye picha ya pasi. Ukuta wa nyuma tunaweza kuufanya mweupe. Pua iliyokuzwa na masikio yaliyofichika hatuwezi kuyarudisha, kwa sababu kamera haikuyaona. Kazi hiyo tunaikataa. Aliyeipeleka kwingine, ikakataliwa, hurudi kulipa mara ya pili.

Picha tuliyopiga wenyewe ikiwa na kosa, kidevu kimeinuka au kivuli kimebaki shingoni, ilete tukae tuipime pamoja. Ikionekana kosa ni letu, tunapiga upya bila malipo.