Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uwekezaji: hisa 40 si madau 40

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ni mwanachama mchangiaji wa mfuko wetu wa pensheni, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupima hatari za uwekezaji. Naandika kuhusu kifungu kimoja tu cha sera yenu, kile kinachoweka kikomo cha fedha za kununulia hisa.

Kifungu kinasema hivi, kwa maneno yangu: mfuko usipoteze zaidi ya 25% ya mtaji wake katika mwaka mbaya. Kamati ikachukua kapu letu la hisa 40 zenye uzito sawa, ikapima namna bei zilivyokuwa zikiyumba katika miaka mitatu iliyopita, ikakuta kila hisa peke yake huyumba kama 30% kwa mwaka lakini kapu zima huyumba 15.5% tu. Ikazidisha kwa 1.65, kile kipimo cha mwaka mmoja mbaya kati ya 20, ikapata kama 25.6%. Basi, ili hasara isivuke 25%, 97% ya mtaji ikaruhusiwa kuingia kwenye hisa.

Hesabu hiyo nimeirudia na haina kosa la kujumlisha. Kosa liko kwenye ile nusu iliyotoweka, kutoka 30% hadi 15.5%. Sera imeichukua kama mali ya kudumu ya kapu, ilhali ilikuwa zawadi ya miaka mitatu ya utulivu.

Chukua vyombo 40 baharini. Siku ya shwari kila kimoja huenda kwa mkono wa nahodha wake: huyu anatangulia, yule anachelewa, na ukichukua wastani wao hutaona mtikisiko mkubwa. Siku ya tufani vyote hupanda na kushuka na wimbi lile lile. Manahodha bado wana ujuzi wao, ila wimbi limekuwa kubwa kiasi kwamba tofauti zao hazionekani tena.

Bei ya hisa nayo ina sehemu mbili. Moja ni wimbi la soko zima, nyingine ni mambo ya kampuni yenyewe: bidhaa zake, madeni yake, wakubwa wake. Hizi za pili hutofautiana, kwa hiyo ukizichanganya 40 zinamezana. La kwanza halimezwi na kitu.

```
kuyumba_kwa_kapu = sqrt(soko^2 + kampuni^2 / N)
```

Weka tarakimu za miaka yenu mitatu: soko 15%, mambo ya kampuni 26%, na N, idadi ya hisa, ni 40. Kapu linatoka 15.5%, kama mlivyopata. Uwiano kati ya hisa mbili zozote, yaani kiasi ambacho zinatembea pamoja, ni 0.25. Sasa badilisha wimbi tu. Soko liyumbe kwa kasi ya 50% kwa mwaka, na mambo ya kampuni yapande kidogo hadi 30%. Kapu linaruka hadi kama 50%, na uwiano unafika karibu 0.74. Hakuna kampuni iliyounganishwa na nyingine usiku huo. Kilichokua ni sehemu wanayoshiriki wote, na uwiano ukafuata wenyewe.

Ndiyo maana simlaumu sana mchambuzi wenu. Uwiano wa 0.25 aliupima kweli. Lakini ni kipimo cha hali ya hewa, naye kakiandika kama kipimo cha chombo.

Kuna njia nyingine ya kuliona jambo hili, na huwa naipenda zaidi. Uliza: hisa hizi 40 zina nguvu ya kupunguza hatari sawa na hisa ngapi zisizohusiana kabisa? Kwa uwiano wa 0.25 jibu ni kama 3.7. Ndiyo, hata katika utulivu tulikuwa na madau yanayojitegemea pungufu ya manne. Kwa uwiano wa 0.74 jibu ni kama 1.3. Kuongeza kampuni 40 nyingine hakubadilishi neno lolote la maana hapo.

Historia inasema hivyo hivyo. Tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ya Dow Jones ya hisa za Marekani ilipoteza 22.6% kwa siku moja, na mwezi huo masoko yote 23 makubwa yalishuka, 19 kati yake kwa zaidi ya 20%. Aliyetawanya fedha zake katika nchi tano alikuta nchi tano zimeshuka. Mwaka 2008 sekta zote 10 za fahirisi ya S&P 500 zilifunga mwaka zikiwa chini, hata zile zinazouza vitu ambavyo watu hawaachi kununua. Kati ya 19 Februari na 23 Machi 2020 fahirisi hiyo hiyo ilishuka kama 34%, na mwezi mmoja haukutosha kwa kamati yoyote kuitisha kikao, kujadili na kuuza kwa utaratibu.

Najua mtaalamu wenu atajibu kwamba ukichagua siku za mitikisiko mikubwa peke yake, uwiano utaonekana mkubwa hata kama hakuna kilichobadilika. Ni kweli, na ni mtego unaowanasa wengi. François Longin na Bruno Solnik waliufanyia kazi mwaka 2001 kwa masoko ya nchi mbalimbali, wakaona uwiano unapanda katika maanguko makubwa lakini si katika mipando mikubwa. Kama ungekuwa mtego wa hesabu tu, pande zote mbili zingefanana. Na hata tukimkubalia mtaalamu, mstaafu halipwi kwa uwiano uliosahihishwa. Hasara ya kapu ni ile ile.

Kwa nini chini na si juu? Kwa sababu ya mikopo. Mfuko wetu haukopi, lakini uko soko moja na wanaokopa. Mchukue mwekezaji mwenye 100 zake na 50 za mkopo, ameshika hisa za 150, yaani mara 1.5 ya mtaji wake. Bei zikishuka 40%, hisa zinabaki 90, deni ni 50 lile lile, mtaji wake ni 40. Sasa ameshika mara 2.25 ya mtaji wake bila kununua hata hisa moja. Mkopeshaji anadai dhamana. Ili arudi kwenye 1.5 lazima ashike 60 tu, kwa hiyo auze 30, theluthi ya alichobaki nacho, kwa bei mbaya kuliko zote. Na hauzi kibovu chake. Anauza kinachouzika, ambacho mara nyingi ni hisa nzuri ya kampuni isiyo na hatia yoyote, na huenda nasi tunayo. Hapo kampuni mbili zisizojuana kibiashara zinashuka pamoja kwa kuwa zina mwenye mali mmoja anayedaiwa.

Hii inaua pia ile ahadi ya sera kwamba "kamati itapunguza hisa pale hatari itakapopanda". Kipimo chenu kinatazama miaka mitatu, kwa hiyo kitapanda baada ya bei kushuka. Tutauza kwenye foleni moja na yule anayedaiwa, huku tukihitaji fedha za kulipa wastaafu mwezi huo huo. Ukubwa wa kapu lazima uamuliwe shwari ikiwapo.

Ninachopendekeza hakihitaji programu. Lichukulieni kapu zima kama hisa moja. Jiulizeni: hisa hiyo moja ikishuka nusu, tunaweza kuishika kiasi gani na bado hasara isizidi 25% ya mtaji? Gawanya 25 kwa 50. Jibu ni nusu ya mtaji. Hicho ndicho kikomo cha kapu lote, na kila kampuni kati ya 40 inapata 1.25%. Kwa kikomo chenu cha sasa, anguko hilo hilo lingekula 48.5% ya mtaji, karibu mara mbili ya hasara mliyoahidi.

Kwa nini nusu? Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 S&P 500 ilishuka kama 57%. Mwaka 2020 ilikuwa 34%. Kati ya 1929 na 1932 Dow Jones ilishuka kama 89%, na anayepanga kwa kipimo hicho hatashika kitu. Nusu ni uamuzi wa mtu mzima, si matokeo ya fomula, nami nataka uandikwe hivyo kwenye sera, pamoja na majina ya waliouamua. Mkiona 40% ndiyo sahihi, kikomo kinakuwa 62.5%. Tubishane juu ya tarakimu hiyo moja, ambayo kila mwanachama anaielewa, kuliko juu ya jedwali la uwiano 780 ambalo hakuna aliyelisoma.

Mtaniuliza basi kampuni 40 za nini. Za kutulinda na kile ambacho mtawanyiko unakiweza kweli: kampuni moja kudanganya katika hesabu zake au kufilisika. Kwa 1.25%, ikifika sifuri tumepoteza 1.25% ya mtaji na mfuko unaendelea. Kazi hiyo mtawanyiko unaifanya vizuri siku zote. Tumeukosea kwa kuupa kazi ya pili.

Gharama ipo na sitaificha. Soko likipanda 10%, hisa zitatuletea 5 kwa kila 100 ya mtaji badala ya 9.7, na nusu iliyobaki itapata riba ndogo. Miaka mitano mizuri mfululizo, mifuko mingine itatucheka. Na hiyo nusu nyingine msiiweke kwenye hatifungani za muda mrefu mkidhani zitapanda hisa zikishuka. Mwaka 2008 hatifungani za serikali ya Marekani zilipanda kweli; mwaka 2022 zilishuka pamoja na hisa. Katika jaribio letu zihesabiwe kuwa hazisaidii. Zikisaidia, tutashukuru.

Neno dogo kwa wale wanaotaka tuanze pia kuuza hisa za kuazima, tukitarajia kuzinunua tena kwa bei ya chini, ili kujikinga. Agosti 2007 makapu mengi ya aina hiyo yalipata hasara kubwa ndani ya siku chache huku fahirisi ikiwa haijafanya kitu cha ajabu: walizoshika zilishuka, walizouza zikapanda, kwa sababu wengi walikuwa wakifunga madau yale yale kwa wakati mmoja. Kwa kapu kama hilo, kudhani zote zinashuka pamoja ni kujipendelea. Jaribio lake ni kila upande kwenda kinyume nawe.

Ombi langu, Mheshimiwa: katika kikao kijacho kifungu cha kikomo kisomwe upya, neno "kutokana na mtawanyiko" lifutwe, na mahali pake iandikwe hasara kwa fedha kamili ikiwa hisa zote 40 zitashuka nusu kwa pamoja. Tarakimu hiyo iwekwe ukurasa wa kwanza wa taarifa ya kila robo mwaka, karibu na ile ya faida.

Wako,
Mwanachama mchangiaji