Kicheko chenu kuhusu daraja la povu

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako kwa mwaka wa 26 sasa na sijawahi kukuandikia. Nimenyamazia mengi. Lakini ile habari yenu ya ukurasa wa mbele, ya mwandishi aliyepigwa picha kabeba begani bonge la povu jeupe kubwa kuliko kitanda, na chini yake mkauliza kama mkandarasi anayejaza povu badala ya kifusi kwenye njia ya kupandia darajani anajenga daraja au anafungasha televisheni, mkauita wizi, hiyo imenishinda.

Huyo kijana wenu kabeba kilo 30 hivi. Bonge la urefu wa mita 2.5, upana mita 1.2 na unene nusu mita halizidi hapo, kwa sababu povu hilo, yaani polistirini iliyoumuliwa, lina uzito wa kilo 20 tu kwa mita moja ya ujazo. Lingekuwa la kifusi, lingemlalia na karibu tani 3. Mlichokiita wizi ndicho kilichonunuliwa: wepesi.

Nimekuwa msimamizi wa ujenzi wa madaraja mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nisimulie la kwangu. Daraja lenyewe lilikuwa zima, limesimama juu ya nguzo zilizopigiliwa hadi kwenye mwamba. Tatizo lilikuwa njia ya kupandia. Nyuma ya ule ukuta wa mwisho, unaobeba ncha ya daraja na kuzuia tuta, tulimwaga kifusi kimo cha mita 4 juu ya udongo wa mfinyanzi laini kama ugali wa moto. Mfinyanzi wa namna hiyo umejaa maji. Ukiubebesha mzigo, maji hukamuliwa polepole, mwaka baada ya mwaka, na tuta hutitia huku daraja likibaki pale pale. Hapo ndipo huzaliwa kile kidaraja cha pili kisichochorwa na mtu, kinachorusha abiria wa viti vya nyuma.

Sasa sikiliza tulivyokitibu. Kila baada ya mvua za masika ililetwa lori la lami, shimo likajazwa, roli la kushindilia likapita, picha ikapigwa (na gazeti, ndiyo, gazeti), kila mtu akaenda zake. Msimu uliofuata tuta limetitia tena, lami nyingine. Nilisema kwenye kikao kwamba tunamlisha mgonjwa ugonjwa wake, nikaambiwa mimi ni wa kusimamia vibarua. Tulipokuja kuchimba, nilipima lami kwa tepu yangu mwenyewe: sentimita 84 pale jirani na ukuta! Hiyo ni karibu tani 2 kwa kila mita moja ya mraba, tulizozipandisha kwa mikono yetu juu ya udongo uliokuwa unalia kwa uzito. Na mfinyanzi ukibanwa hautitii tu, hutambaa pia kwenda upande usio na mzigo, yaani chini ya ukuta kuelekea mtoni, na kuzisukuma nguzo ubavuni. Dalili zilikuwepo miaka mitatu kabla. Ule mwanya wa kuachia daraja litanuke kwa joto ulikuwa umebana hata kisu hakipiti, na vyuma vya ulinzi vya pembeni havikuwa tena mstari mmoja. Nani aliangalia? Walikuwa wanaangalia shimo.

Wanorwe waliliona hili mwaka 1972 kwenye Daraja la Flom karibu na Oslo, ambako njia ya kupandia ilikuwa inatitia zaidi ya sentimita 20 kwa mwaka. Walifukua mita moja ya kifusi, wakaweka matabaka mawili ya mabonge ya povu. Kifusi kilichoondolewa kilikuwa kizito kuliko yote yaliyorudishwa, udongo ukapata pumzi.

Chukua tuta langu la mita 4. Kwa kifusi tupu, kila mita ya mraba ya mfinyanzi hubeba tani 7.6. Weka povu mita 3, na juu yake mita moja ya zege, kokoto na lami yenye tani 2.1. Povu lote lina kilo 60. Jumla, tani 2.16. Na ukuta nao hupumua, maana mabonge yaliyopangwa kwa kupishana kama matofali husimama yenyewe bila kuuegemea. Hapo kuna sharti: kifusi cha nyuma kikatwe kwa mteremko unaojishikilia. Kikiachwa wima, kitalisukuma povu na povu litausukuma ukuta, na mtakuwa mmenunua hasara.

Je, magari hayatalibonda? Swali zuri, ila hamkuuliza. Hilo ndilo zege la juu linalofanya: hutawanya uzito wa magurudumu ili povu lisibonyee zaidi ya asilimia moja ya unene wake. Ukivuka hapo, huanza kubonyea kidogo kidogo na halirudi.

Ambalo mngepaswa kuuliza ni la maji. Povu huelea, hata mtoto anajua. Maji yakipanda mita moja kwenye povu, hulisukuma juu kwa karibu tani moja kwa kila mita ya mraba. Tuta langu la tani 2.16 litaanza kuelea maji yakifika mita 2.16 kutoka chini ya povu, na mhandisi mwenye busara hangeyaruhusu yapite mita 1.7. Oslo hiyo hiyo, Oktoba 1987, mafuriko yalipanda kupita kiwango kilichokadiriwa na tuta la povu likaelea. Basi mwandishi wako angeliweka chini lile bonge, akauliza mambo mawili: mafuriko makubwa yaliyowahi kuonekana hapo yalifika wapi, na chini ya povu ni kimo gani? Majibu hayo yana habari kuliko begi la utani mlilolimwaga.

Na tukiwa hapo, kuna hawa wachimbaji wa mabomba. Barabara ikikamilika Ijumaa, Jumatatu wamefika na sululu. Kwenye tuta la povu watakata zege, watararua ile shuka ya plastiki inayozuia petroli (petroli ikilifikia povu hulila kama maji yanavyokula sukari), watachonga bonge kwa msumeno, halafu watafukia kwa tope. Tope! Siku lori la mafuta litakapopinduka hapo, mtaandika kwamba povu halifai.

Pendekezo langu ni hili. Gongeeni msumari wa shaba juu ya kila ukuta wa mwisho wa daraja na mwingine kwenye lami mita 3 nyuma yake. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mpimaji apime tofauti ya kimo na upana wa ule mwanya, ninyi mchapishe namba hizo pale mnapoweka nyota za wiki. Nafasi ipo, maana nyota zangu zimesema mara nne mwaka huu kwamba nitasafiri ng'ambo. Na yule kijana aje na ndoo ya maji na kipande chake cha povu, nitamwonyesha bila malipo.

Msimamizi mstaafu wa ujenzi wa madaraja