Nusu mshahara isiyo na tarehe

Mhariri,

Naandika kuhusu mishahara inayochelewa na kulipwa vipande vipande. Tunaisikia habari hii wafanyakazi wanapogoma au wanapoandamana, ila yale yanayotendeka kabla ya mgomo, nyumbani na kichwani mwa mtu anayesubiri, hayasemwi sana. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali ya binafsi hapa Mombasa ambayo sitaitaja, kwa sababu bado nafanya kazi pale na kwa sababu jambo hili si la hospitali moja.

Mshahara wangu, baada ya kodi, makato ya lazima na marejesho ya mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo, ni shilingi 28,000. Mwaka jana, Januari ililipwa asilimia 60 tarehe 19 Februari. Februari ililipwa nusu, mwishoni mwa Machi. Machi haikulipwa kabisa. Aprili tulipata nusu, Mei hatukupata kitu, na Juni ikaja asilimia 40 katikati ya Julai. Kwa miezi sita nilipaswa kupokea shilingi 168,000, nikapokea 56,000. Zilizobaki, shilingi 112,000, ni mshahara wa miezi minne kamili. Uongozi ulitueleza kwamba madai ya bima hayajalipwa, na sina sababu ya kuwaita waongo, kwa kuwa hospitali nyingi za binafsi nchini zinaishi kwa madai hayo na zimekuwa zikilalamika hadharani. Lakini katika miezi hiyo yote hapakuwa na barua wala tangazo lililotuambia malipo mengine yatakuja lini na yatakuwa kiasi gani, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko upungufu wenyewe.

Mtu aliyeambiwa kwamba kuanzia sasa atapata nusu hupunguza matumizi, huhamia chumba cha bei nafuu, humtoa mtoto kwenye basi la shule. Ataumia, lakini ana jambo la kupanga. Mtu anayeambiwa “subirini kidogo” hawezi kufanya lolote kati ya hayo, maana huenda pesa zikaingia kesho zote, na huenda zisiingie hata mwezi ujao. Hahami, hakopi mkopo wa maana wa benki, hauzi kitu. Anaishi kwa madeni madogo madogo, kila moja likiwa limepimwa kwa siku tatu au nne, na siku hizo zikipita anatafuta jingine.

Nitoe mfano wa zile shilingi 16,800 zilizoingia tarehe 19 Februari. Siku hiyo nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba 9,000, daftari la dukani 4,200, salio la karo 6,500 na ovadrafti ya simu 2,000. Jumla ni 21,700, kwa hiyo mmoja lazima angekosa. Mtu aliyetulia angeona mara moja kwamba deni la kulipwa kwanza ni la simu, kwani ndilo pekee lililokuwa likizaa: nilikuwa natozwa shilingi 20 kila siku. Mwenye duka hatozi riba. Mimi nililipa duka kwanza, lote, kwa sababu napita mbele ya duka lile kila asubuhi nikienda kupanda matatu na nilikuwa nimechoka kuinamisha macho. Kisha nikalipa kodi, nikapeleka 3,500 shuleni, nikabaki na shilingi mia moja. Deni la simu nikaliacha siku 27 nyingine, likanila shilingi 540 kwa kitu cha 2,000. Deni linalolipwa katika hali hii ni la mwenye sauti au mwenye uso unaouona kila siku, na lile lililo ghali na kimya hubaki likikua.

Tena, kwa kuwa ovadrafti hujikata yenyewe mara pesa yoyote inapoingia kwenye laini, niliacha kupokea pesa kwa simu yangu. Ndugu walionitumia chochote walikipitisha kwa laini ya dada yangu anayekaa Likoni, nami nikavuka feri kukifuata. Nikawa nalipa nauli na kupoteza nusu siku ya mapumziko ili nikimbie makato ambayo hatimaye niliyalipa vilevile. Ukiniuliza leo kwa nini, sina jibu la hesabu. Wakati ule ilionekana akili.

Jikoni mambo yalikuwa hayo hayo. Mtungi wa gesi wa kilo 6 tulikuwa tunaujaza kwa shilingi 1,300 na ulitufikisha siku 25. Kuanzia Machi sikuwahi kushika 1,300 ambazo hazijasemewa, lakini shilingi 80 za mkebe wa makaa zilipatikana kila siku, kwa kuwa mume wangu ni dereva wa tuktuk na hurudi na kitu jioni. Siku 25 za makaa ni shilingi 2,000. Tulilipa 700 zaidi kwa moto ule ule, pamoja na moshi, mwezi baada ya mwezi. Mtungi ulikaa mtupu pembeni mwa mlango hadi mtoto akaufanya kiti.

Sasa nieleze la kazini, ambalo nimesita kuliandika. Katika hospitali ndogo kama yetu, mtaalamu wa maabara mara nyingi ndiye anayekwenda wodini kutoa damu. Utaratibu ni kwamba kichupa kinaandikwa jina palepale kando ya kitanda, kabla hujaondoka kwa mgonjwa. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei nilitoa damu ya akina mama wawili wa wodi ya uzazi ili ipimwe kundi na kulinganishwa na damu ya akiba. Nikiwa na vichupa viwili vya kifuniko cha zambarau mkononi, simu ikatetema mfukoni. Alikuwa mwenye nyumba. Nikatoka kuipokea nikiwa sijaandika jina hata moja, nikamwomba siku tano, nikarudi maabara na kuviandika mezani, nikiwa na hakika kwamba kilichokuwa mkono wa kulia ni cha mama wa kwanza. Mwenzangu ndiye aliyeona. Faili la kliniki la mama mmoja lilionyesha kundi B, matokeo yetu yakasema O. Tulivitupa vichupa vyote viwili, nikarudi wodini kutoa damu upya, na hakuna aliyedhurika. Kama mama yule asingekuwa na faili la awali, hakuna kitu kingine mezani pale ambacho kingetuonyesha kosa kabla ya damu kuongezwa. Kosa lilikuwa langu na niliandika taarifa yake. Nimefanya kazi hii miaka 11 na sikuwahi kuandika kichupa nikiwa mbali na mgonjwa.

Naliandika hili kwa sababu waajiri wengi hudhani kwamba mfanyakazi asiyelipwa hupunguza bidii kwa hasira. Wapo wa namna hiyo, lakini wengi tunajitahidi mno, na umakini ndio unaotuponyoka. Watafiti wa uchumi walilipima jambo hili katika jimbo la Odisha nchini India, kwa vibarua wanaoshona sahani za majani na kulipwa kwa idadi. Baadhi yao walipewa mapema sehemu ya pesa walizokwisha kuzifanyia kazi, wengine wakasubiri hadi mwisho. Kiwango cha malipo hakikubadilika hata kidogo, ila tarehe. Waliolipwa mapema walitengeneza takriban asilimia 7 zaidi, na ongezeko lilikuwa kubwa kwa walio maskini zaidi, huku makosa ya kutokuwa makini yakipungua badala ya kuongezeka kama ambavyo mtu angetarajia kwa anayeharakisha. Hizo zilikuwa sahani. Sisi tunashika damu.

Liko pia suala la makato. Hati zetu za malipo ziliendelea kuonyesha kwamba marejesho ya mkopo wa chama cha akiba yamekatwa, lakini pesa hazikufika chamani. Mwezi wa tatu wa hali hiyo chama kiliniandika kuwa mdaiwa sugu na kuwapigia wadhamini wangu, ambao ni wauguzi wawili wa hospitali ile ile, nao hawajalipwa. Mmoja wao hakunisalimia kwa wiki mbili, nami sikumlaumu. Mwajiri anaposema mshahara umepungua kwa sababu mapato yamepungua, namwelewa. Anapochapa hati inayosema pesa yangu imekatwa na kupelekwa mahali ambapo haikupelekwa, ananigombanisha na watu walioniwekea dhamana ya jina lao.

Wasomaji wengine watauliza kwa nini hatuondoki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe mshahara wote uliofanyiwa kazi unapofika wakati wake, na kukosa kufanya hivyo ni kosa lenye adhabu. Mfanyakazi anaweza kwenda kwa afisa wa kazi au katika mahakama ya ajira, na ana miaka mitatu ya kudai. Nayajua haya. Lakini mwezi wa Aprili nilipata nafasi katika maabara moja ya Malindi kwa mshahara ule ule, nikaikataa, kwa hofu kwamba nikiondoka nitakuwa wa mwisho kukumbukwa pesa zikipatikana. Wakati huo nilikuwa nadai takriban 53,000 kwa miezi mitatu. Kwa kubaki hadi mwisho wa Juni niliongeza deni hilo hadi 112,000. Kadiri wanavyokuwa na pesa zako nyingi ndivyo unavyoshindwa kuwaacha, na mwaka ukiisha unaitwa mfanyakazi mwaminifu.

Mwezi wa Agosti uongozi ulifanya jambo dogo. Mhasibu alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, karibu na chumba cha chai, ikisema kwamba asilimia 40 ya mshahara wa mwezi italipwa tarehe 5, na asilimia 30 tarehe 20, na kwamba zaidi ya hapo hospitali haina uwezo kwa sasa. Ni asilimia 70, wala si mshahara wote. Lakini tarehe 5 pesa ziliingia, tarehe 20 zikaingia tena, na mwezi uliofuata vivyo hivyo. Nikamwendea mwenye nyumba nikampa tarehe badala ya ombi, naye akakubali kupokea kwa awamu mbili. Nikaimaliza ovadrafti na kurudi kupokea pesa kwa laini yangu. Nikajaza mtungi wa gesi. Sikuwa nimeongezewa hata shilingi moja juu ya haki yangu, na usiku nililala.

Ndiyo maana naomba, kupitia gazeti lako, kwamba mwajiri yeyote aliyekwama aandike tarehe na kiasi, hata kama kiasi ni kidogo na kinamtia aibu, kisha atimize alichoandika. Na makato yasiyopelekwa yasiandikwe kuwa yamepelekwa. Karatasi ile bado iko ubaoni kwetu na hubadilishwa kila mwezi. Kuhusu zile shilingi 112,000 za miezi sita ya kwanza, hadi ninapoandika barua hii haijasema neno.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa maabara,
Kisauni, Mombasa.
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi.)