Barua ya Kufunga Muhula: Kazi ya Likizo ya Klabu ya Filamu

Wazazi na walezi wapendwa,

Salamu. Muhula umekwisha salama na wanafunzi wamekabidhiwa ripoti zao. Barua hii inahusu kazi ya likizo ya klabu ya filamu: kila mwanafunzi atamhoji mtu mmoja na kutengeneza filamu ya dakika tatu. Huenda mhojiwa ukawa wewe, ndiyo maana naeleza kwa kirefu.

Muhula huu wanafunzi walimhoji fundi seremala. Walipomuuliza, "Unaipenda kazi yako?" alijibu, "Ndiyo, sana," akanyamaza. Walipomwambia, "Tueleze kitu cha kwanza ulichotengeneza ukakiuza," alizungumza dakika nne. Maswali yaandaliwe hivyo. Mhojiwa naye aombwe kujibu kwa sentensi kamili, kwa kuwa sauti ya mwulizaji itaondolewa. "Kigoda" peke yake hakitaeleweka. "Kitu cha kwanza nilichouza kilikuwa kigoda" kinajitosheleza. Tafadhali msimkaririshe majibu. Yakikaririwa husikika hivyo.

Dakika nne zile zilipunguzwa zikawa sekunde 50. Hapo ndipo penye kazi. Sentensi mbili zilizokuwa mbali moja na nyingine zikiunganishwa, kichwa cha msemaji huruka ghafla kwenye skrini. Kiungo hicho hufichwa kwa picha nyingine: sauti ya fundi inaendelea, huku sisi tunaona mikono yake ikisukuma randa na maranda yakijikunja. Watoto walikuwa na viungo vitatu vya kuficha, lakini picha ya mikono ilikuwa moja tu, ya sekunde tatu, tena inatikisika. Ikabidi warudi karakana.

Kwa hiyo mahojiano yakiisha, vifaa visifungwe kwanza. Mwanafunzi apige picha za yale yaliyotajwa: kwa mbali, kwa karibu, kisha kwa karibu sana. Kamera ikae kwenye stendi, na kila picha idumu angalau sekunde 10 bila kusogezwa. Halafu wote wanyamaze sekunde 30 arekodi ukimya wa chumba hicho. Ukimya huo hujaza mapengo kati ya maneno, sauti ya nyuma isikatike.

Wakati wa kuhariri, apange sauti kwanza mpaka simulizi lieleweke hata kwa aliyefumba macho, ndipo aweke picha. Asifunike kila kitu. Fundi alipotulia akimkumbuka aliyemfundisha kazi, waliacha uso wake uonekane bila kukata, na kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu nzima.

Ninyi nyumbani mtusaidie kwa mambo mawili. Zimeni feni na redio wakati wa kurekodi, na mhojiwa akae akielekea dirishani. Akilipa dirisha mgongo, uso utakuwa giza.

Siku ya kufungua shule, mwanafunzi alete filamu yake pamoja na picha zote ghafi alizorekodi, hata zile ambazo hakuzitumia. Tutazipitia pamoja naye.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu