Risala ya Wafanyakazi wa Kitengo cha Barua za Wateja kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa tawi,
Wafanyakazi wenzetu,

Sisi tunaojibu barua za wateja wa maji tunakushukuru kwa kuja. Mwaka huu risala yetu inahusu barua pepe moja tu, ile ambayo meneja wetu alitutangazia majaribio ya miezi mitatu ya programu ya akili unde inayoandika rasimu za barua.

Mheshimiwa, matangazo ya namna hiyo tumezoea kuyaona yakija na sifa. Hili lilikuja na kosa. Meneja alikuwa ameijaribu mwenyewe kwa lalamiko la kutunga: "Dira yangu imesimama tangu mwezi wa tatu, lakini bili inapanda." Programu ikajibu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Tunaithamini dira yako na malengo yako. Bili yako itarekebishwa ndani ya siku saba." Wasoma dira walicheka mpaka machozi. Lakini meneja aliandika kwamba kilichomtisha ni zile siku saba. Hakuna kanuni yetu inayotoa ahadi hiyo, na sentensi ilikaa vizuri hata yeye akaipita aliposoma mara ya kwanza.

Ndiyo maana akaweka mipaka. Barua za kukatiwa maji na za madai ya fedha tutaendelea kuandika wenyewe. Jina, simu na namba ya akaunti ya mteja haviingizwi kwenye programu, maana tunabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kila tarehe, kiasi na ahadi iliyomo kwenye rasimu itatafutwa kwenye faili la mteja kabla mtu hajasaini. Muda utahesabiwa tangu lalamiko linapofunguliwa hadi barua inapotoka, kusahihisha kukiwemo. Ikionekana kusahihisha kunakula muda kuliko kuandika upya, majaribio yanasimama hata kabla ya miezi mitatu.

Kwa upande wetu ameahidi kwamba hesabu hizo hazitampima mfanyakazi mmoja mmoja, asiyetaka kuitumia hataandikiwa chochote kwenye jalada lake, na hakuna atakayepunguzwa kazi kwa sababu ya majaribio haya.

Hapo ndipo lilipo ombi letu. Majaribio yakiisha, na ahadi inaisha. Mwezi wa nne je? Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane kwanza. Tunaomba iandikwe wazi kwamba mashauriano hayo yatafanyika pia ikiwa programu itabaki. Meneja wetu tunamwamini, ila mameneja huhamishwa, na barua pepe haina mhuri.

Waraka tumeuandaa, kurasa mbili tu, una nafasi ya saini ya mwajiri na ya tawi. Kalamu pia ipo hapa mezani.

Tunaomba kuwasilisha.