Ofa inaisha Ijumaa, lakini Ijumaa gani?

Wateja wengi wanaokuja kwenye duka letu la mabango hapa Malindi huja na picha kwenye simu. Bango limepigwa picha likiwa ukutani, na ombi ni lilelile: "Nitengenezee kama hili." Hivi karibuni dalali mmoja wa ardhi alitutumia picha ya bango lake mwenyewe, la ploti za Mambrui. "Niandikie hivyohivyo, kaka," alisema, "rangi tu ndiyo imeondoka." Tulikataa kulichapisha hivyohivyo, na kwa ruhusa yake tunaeleza hapa kwa nini, kwa kuwa maneno ya bango lile yamejaa mji mzima.

Lilisomeka hivi:

OFA! OFA! PLOTI MAMBRUI, DAKIKA 15 TU KUTOKA MALINDI
KUANZIA 350,000 TU (badala ya 600,000)
HATIMILIKI TAYARI. MAJI NA STIMA VIPO
ZIMEBAKI 7 TU! OFA INAISHA IJUMAA
WENZAKO WAMESHANUNUA. LIPA 50,000 LEO UJIWEKEE YAKO

Kitu cha kwanza tulichoona kwenye picha ni rangi yenyewe. Wino mwekundu na wa manjano ndio unaoliwa kwanza na jua, wa buluu na mweusi hukawia. Bango hili lilichapishwa kwa herufi nyekundu, na sasa limebaki la kibuluu. Maana yake limekaa juani miezi mingi, na miezi yote hiyo ofa imekuwa ikiisha Ijumaa. Ukiikuza picha, unaona pia kwamba ile 7 imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kwenye nafasi iliyoachwa wazi makusudi. Tarehe haipo popote. Haraka isiyo na tarehe haimwambii mnunuzi kitu kuhusu ploti. Kazi yake ni kumzuia asiende kuuliza kwingine.

Upande wa bei, maneno mawili madogo ndiyo yanayobeba mzigo. "Kuanzia" linamfanya msomaji ashike 350,000 kichwani. Tulipomuuliza mteja wetu ni ploti ngapi za bei hiyo, alijibu ni mbili tu, za nyuma, penye mteremko. Zilizobaki zote ni 480,000. "Badala ya" ni baya zaidi. 600,000 hakuwahi kumtoza mtu. Ni bei anayotaja jirani yake mwenye shamba lililoshika barabara. Lakini jicho likishaona 600,000, hata 480,000 inaonekana rahisi, na mnunuzi anaacha kujiuliza kama ardhi yenyewe ina thamani hiyo.

Dakika 15 nazo ni za gari, barabara ikiwa tupu, hadi njia panda ya Mambrui. Kutoka hapo kuna kilomita 4 za udongo. Ndiyo sababu matangazo ya ardhi hupenda dakika kuliko kilomita: dakika hazipimiki.

Sasa tuje kwenye neno lililotuchukua muda mrefu kuliko yote, "hatimiliki tayari". Si uongo. Hati ipo, tumeonyeshwa nakala. Ila ni hati ya shamba zima, ile ambayo madalali huiita hati mama, na iko kwa jina la muuzaji. Ploti moja moja bado hazina hati. Ili zipatikane, mpimaji lazima agawe shamba, na kwa shamba la kilimo, kugawa na kuuza kunahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Sheria inataka kibali cha mauziano kiombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Bila kibali, mauziano ni batili. Mtu anayesoma "hatimiliki tayari" anadhani anunue leo, hati aichukue wiki ijayo. Bango halikusema hivyo, na halikumzuia kudhani hivyo. Neno "tayari" halikutaja hati ya nini, ya nani, wala ya lini. Hapo ndipo penye ufundi wote, na ndiyo maana mwenye bango anaweza kukutazama usoni akasema hakudanganya.

"Maji na stima vipo" ni mtindo uleule. Vipo wapi? Nguzo ya stima ya karibu iko kama mita 400. Maji ni kisima cha shamba la pili.

"Wenzako wameshanunua" tuliifuta bila mjadala. Kuhusu 50,000 tulizungumza kidogo: kiasi kidogo cha kulipa leo kinamfunga mtu. Akishatoa, atajitetea mwenyewe kwa nini ni biashara nzuri, hata akigundua baadaye kwamba barabara haipitiki.

Tulipomaliza maswali, tukaandika hivi:

PLOTI ZA KUUZA, MAMBRUI
Futi 50 kwa 100. Bei 480,000. Mbili za nyuma, penye mteremko, 350,000.
Zilikuwa 22, hadi tarehe ya kuchapisha bango hili zimebaki 9.
Kilomita 4 za udongo kutoka barabara ya Malindi–Lamu. Wakati wa masika gari dogo halifiki.
Hati: shamba lote lina hati moja kwa jina la muuzaji. Hati za ploti bado, ugawaji unaendelea. Utapewa nakala na namba ya shamba ukaihakikishe ofisi ya ardhi kabla ya kulipa chochote.
Stima: nguzo iko mita 400. Maji: kisima cha jirani, hakuna bomba.
Malipo ni kwa mkataba mbele ya wakili. Ushuru wa stempu na ada za wakili ni juu ya mnunuzi.

Tarehe yenyewe tunaichapa pembeni chini, kwa herufi zinazosomeka.

Mteja alisoma akacheka. "Sasa nani atapiga simu?" Ubishi mkubwa ulikuwa kwenye masika. Alitaka tuandike "barabara inapitika", nasi tukamwambia mtu atakayekuja mwezi wa 5 atapiga simu akiwa amekwama. Akakubali. Vipimo hakuvibishia, ila alitaka tuongeze "1/8 ya eka". Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, na moja ya nane ya eka ni 5,445. Watu wameizoea hiyo, lakini hatukuiweka.

Bango letu nalo linashawishi, hatukatai. Tumeiweka bei juu kwa kuwa tunajua ndiyo inayomsimamisha mpita njia, na tukampa mteja mstari mmoja wa upepo wa bahari pale juu, ambao hatukuunakili hapa, kwa sababu upepo upo kweli. Tunachokataa ni neno ambalo mnunuzi hawezi kulipima kwa tarehe, kwa utepe au kwa karatasi.

Na mjue mipaka yetu: hatuhakiki ardhi. Tunaandika tulichoonyeshwa na tulichoambiwa, hivyo mnunuzi bado aende ofisi ya ardhi mwenyewe.

Ukichapisha kwetu, kuandika upya hatutozi. Tutumie picha ya bango lote, iliyopigwa kwa kulielekea na si kwa pembeni, na usikate maandishi madogo ya chini, yale ya "vigezo na masharti kuzingatiwa". Halafu uje na bei zako zote, si ile ya chini pekee, pamoja na nakala ya hati au kibali cha kitu unachouza.